Kitshanga: Kilo 15 kwa siku 30? Kocha, tuonyeshe na wale ambao hawakupungua

Tangu wiki mbili hivi tangazo moja linazunguka katika makundi ya WhatsApp ya wakaaji wa Kitshanga, wale waliobaki nyumbani na wale ambao vita vya Januari 2023 viliwatawanya kuelekea Mweso, Sake na Goma. Ni picha mbili za mama mmoja. Kushoto ni mnene, amekunja uso. Kulia ni mwembamba, anacheka. Chini imeandikwa: siku 30, kilo 15, matokeo ya hakika kwa wote. Bei ni dola 10 kwa mwezi. Jina la kocha sitaliandika hapa, sababu hayuko peke yake. Mtindo huu ni wa wengi, na baadhi yao ni vijana ninaowaheshimu kwa kazi yao ya asubuhi uwanjani.

Wasikilizaji kadhaa waliniuliza kama jambo hilo ni la kweli. Mama mmoja aliyekimbia na watoto wanne aliniuliza hata kama akope hizo dola 10. Nilimjibu asikope, na leo naandika sababu zangu ili kocha naye azisome.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina kabila. Kilo moja ya mafuta ya mwili inabeba nguvu ya kalori karibu 7,700, za aina ileile inayoandikwa kwenye pakiti za biskuti. Kilo 15 ni kalori 115,500. Ukizigawa kwa siku 30, unapata 3,850 kila siku. Sasa mama wa kilo 80 anayechota maji, kufua na kupika, mwili wake unatumia karibu kalori 2,200 kwa siku nzima. Maana yake hata akifunga kula kabisa mwezi wote, akanywa maji tu, mafuta yatakayoungua hayafiki kilo 9. Kilo nyingine zozote ambazo mzani ungeonyesha zingekuwa maji na nyama ya misuli yake mwenyewe. Kwa hiyo tangazo linaahidi jambo ambalo hata njaa haiwezi kulifanya kwa afya, na njaa sisi huku tunaifahamu.

Mwezi mmoja unaweza kutoa nini basi? Saa nzima ya kutembea kwa haraka inamwongezea mama huyo kalori 250 hivi juu ya zile ambazo angetumia akiwa ameketi. Akifanya siku 5 kwa wiki, mwezi unaisha na siku 22 hivi, ambazo ni kalori 5,500. Hiyo haifiki hata kilo moja ya mafuta. Tuseme pia ameacha soda moja ya kila siku, na amepunguza vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya mawese katika sombe na maharagi. Soda ni kalori 130 hivi, na kila kijiko cha mafuta ni 120. Kwa mwezi hiyo inamfikisha kalori 11,100 nyingine, ambazo ni karibu kilo moja na nusu. Jumlisha zote: kilo 2 na kidogo. Anayejitahidi sana na aliyeanza akiwa mzito zaidi anaweza kufika 4. Ukweli wa mwezi mmoja ndio huo, na si mdogo. Mama aliyepungua kilo 2 za mafuta amefanya kazi ngumu, ila picha yake haishangazi mtu, ndiyo maana haiwekwi kwenye tangazo.

Mtu atasema: lakini mimi nilimwona fulani akipungua kilo 3 katika wiki ya kwanza tu. Naamini alimwona. Mwili unaweka akiba ya sukari katika ini na misuli, nusu kilo hivi, na kila gramu ya akiba hiyo inashika gramu 3 hivi za maji. Ukikata fufu na viazi ghafla, akiba inaisha na maji yake yanatoka kwa mkojo. Mzani unashuka haraka. Siku utakayokula fufu tena, maji yanarudi. Kocha mjanja anapima wiki ya kwanza, anapiga makofi, anachukua ushuhuda, na anaacha kupima.

Huko Marekani, ofisi ya serikali inayosimamia biashara na matangazo, ambayo wao wanaiita Tume ya Biashara ya Shirikisho, ilitoa mwaka 2014 orodha ya madai 7 ambayo redio na magazeti yanapaswa kuyatambua kuwa ya uongo yakisikika tu. Mojawapo ni dai kwamba mtu anaweza kupungua kwa usalama zaidi ya kilo 1.4 kila wiki kwa zaidi ya wiki 4. Tangazo letu linaahidi kilo 3 na nusu kila wiki. Dai lingine katika orodha hiyo ni kwamba kitu kitafaa kwa kila mtumiaji. Tangazo letu nalo linasema "kwa wote". Sheria ya Marekani haitawali Bashali, najua. Lakini mwili wa mtu wa Bashali hauchomi mafuta kwa namna nyingine.

Nije kwenye picha. Picha mbili zinaweza kutengenezwa kwa siku moja, bila kupungua hata gramu. Asubuhi kabla ya kula tumbo ni dogo. Jioni baada ya maharagi na maji limejaa, na mzani wenyewe unaweza kupanda kilo 1 au 2 kati ya saa hizo. Ongeza mwanga wa upande unaoonyesha misuli, nguo inayobana kiuno, simu iliyoshikwa chini au juu, pumzi iliyovutwa ndani, na cheko. Ukiona picha ya kwanza ina mtu aliyelegeza mabega na ya pili ina mtu aliyesimama wima akitazama pembeni, jua kwamba hapo kuna mchezo. Nimejipima mimi mwenyewe kwa mzani wa magunia ya viazi wa mfanyabiashara mmoja: jioni nilikuwa kilo 71 na nusu, kesho yake asubuhi 70. Nilikuwa nimelala tu.

Lakini kuna udanganyifu mbaya kuliko wa mwanga, na huo ni wa kwetu hasa. Mtu aliyekimbia vita anapungua. Ametembea siku mbili na mzigo na mtoto mgongoni, amelala chini ya hema, amekula mara moja kwa siku kwa miezi. Aliyepitia Mungote, Bulengo au Kanyaruchinya hahitaji kuelezwa. Ukichukua picha ya mama huyo ya wakati alipokuwa na shamba lake na ng'ombe wake, ukaiweka karibu na picha ya leo, utapata "mabadiliko" makubwa kuliko ya kocha yeyote duniani. Sisemi kwamba mama wa tangazo ndiye huyo. Nasema kwamba tangazo halituambii tarehe ya picha ya kwanza, wala ya pili, wala alikuwa anakula nini katikati. Picha isiyo na tarehe, kwa watu wetu, inaweza kuwa picha ya njaa iliyouzwa kama picha ya mazoezi.

Tena kupungua bila kutaka ni dalili ya ugonjwa. Mtu anayekohoa zaidi ya wiki mbili, anatoka jasho usiku na nguo zinamlegea, huyo anatakiwa kupimwa kifua kikuu. Ukimpongeza uwanjani "umependeza, endelea", umemchelewesha, na amekwenda kulala na watoto wake katika chumba kimoja. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha, vituo vya afya vinampima mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe. Mara nyingi chini ya sentimita 23 anahesabiwa kuwa na upungufu wa chakula. Huyo ukimwambia apunguze kula ili apate kiuno, umemdhuru yeye na mtoto.

(Kuna na matangazo ya upande wa pili, ya vidonge vya kunenepa, ambavyo katika Kongo yetu mara nyingi ni siprohepitadini na deksametazoni. Uso unajaa, watu wanasifu, na ni kazi ya dawa. Hilo ni jambo la siku nyingine, ila uongo wa picha mbili ni uleule.)

Sasa swali ambalo kila msomaji anaweza kumuuliza kocha bila kuwa muganga: walianza wangapi? Tuchukue mfano, na ni mfano tu. Watu 20 wanaanza mwezi. Wanane wanaacha katikati. Waliomaliza ni 12. Wapange kwa mstari, kuanzia aliyepungua kidogo zaidi hadi aliyepungua zaidi. Wa kwanza ameongezeka kilo 1. Wawili hawakubadilika. Wanaofuata wamepungua kilo 1, kilo 1 na nusu, na wale wawili waliosimama katikati, wa 6 na wa 7, wamepungua kilo 2. Wa mwisho kabisa amepungua kilo 5. Kocha anampiga picha huyo wa mwisho. Hata kama kilo 5 zake ni za kweli kabisa, tangazo limedanganya, kwa sababu msikilizaji anafikiri naye atakuwa wa mwisho kwenye mstari, wakati ana nafasi kubwa zaidi ya kuwa katikati, au kati ya wale wanane walioondoka na dola 10 zao zimekwisha.

Wengine wanadhani inatosha kuandika kwa herufi ndogo kwamba "matokeo yanatofautiana". Haitoshi. Wamarekani hao walikubali maneno ya namna hiyo kwa miaka, kisha mwaka 2009 wakabadilisha mwongozo wao: anayeonyesha ushuhuda wa mtu mmoja aliyefaulu sana aseme wazi mtu wa kawaida apate kutarajia nini. Ndiyo namna ya haki. Mwambie mtu habari za yule wa katikati.

Na hapa sitaki kocha aone namvunjia kazi. Kuna kitu ambacho mwezi mmoja unafanya vizuri, na makocha wetu wanakiacha kwa sababu hakionekani kwenye picha. Ni nguvu. Mtu ambaye hajazoea mazoezi anapata nguvu haraka katika wiki za kwanza, si kwa sababu misuli imekuwa mikubwa, bali kwa sababu mishipa ya fahamu imejifunza kuiamsha misuli iliyopo. Anapanda kilima na mtungi bila kusimama mara tatu. Hilo linapimika bila mashine. Weka kiti imara ukutani, mtu akae, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa kwa sekunde 30, na wewe uhesabu mara anazosimama wima. Fanya kipimo mara mbili siku ya kwanza na uandike cha pili, kwa maana mara ya kwanza watu wanajifunza tu, na usipofanya hivyo utajisifu kwa maendeleo ambayo ni mazoea ya kiti.

Kiuno nacho kipimwe kwa utepe wa fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akiwa amemaliza kutoa pumzi. Mkono uleule upime mwanzo na mwisho. Hata hivyo utepe unaweza kukosea sentimita 1 au 2, kwa hiyo mtu aliyepungua sentimita 1 usimtangaze. Uzito uchukuliwe asubuhi tatu mfululizo kwa mzani uleule, kisha namba ya katikati. Picha zipigwe ukuta mmoja, saa ya asubuhi kabla ya kula, nguo ileile, simu usawa wa kitovu, na tarehe iandikwe.

Kocha akiwa na daftari lenye mambo hayo, tangazo lake linaweza kusomwa redioni hivi. Namba nimeweka zile za mfano wetu. Yeye aweke za daftari lake.

"Mpendwa msikilizaji, mimi ni kocha, nafundisha mazoezi ya mwezi mmoja, siku 5 kwa wiki, saa nzima kila asubuhi. Mwezi uliopita tulianza watu 20. Waliomaliza ni 12. Wanane waliacha, wengine kwa kazi, wengine kwa kuhama, wengine hawakuniambia. Kati ya wale 12, mtu wa katikati alipungua kilo 2 na kiuno sentimita 3. Aliyepungua zaidi ya wote alipungua kilo 5, naye alikuwa ameacha pia pombe na soda. Wawili hawakubadilika, mmoja aliongezeka kilo 1. Mwanzoni mtu wa katikati alisimama kitini mara 11 ndani ya nusu dakika, mwishoni mara 14. Nguvu hiyo ndiyo ninayoiuza. Sikuahidi tumbo kuisha. Siponyi sukari wala presha, na dawa za muganga usiziache. Kama una mimba, unanyonyesha, miguu imevimba au kifua kinauma, pita kwanza kituo cha afya. Kama unapungua bila kutaka, au unakohoa zaidi ya wiki mbili, usiniletee pesa, nenda ukapimwe. Kama kwako mnakula mara moja kwa siku, njoo tunyooshe viungo bila kulipa, lakini usipunguze chakula. Bei ni dola 10. Ukiacha katika wiki ya kwanza, nakurudishia 7."

Lisome kwa sauti: halizidi dakika moja na nusu. Kocha ambaye ndiyo kwanza anaanza na hana daftari, aseme hivyo pia: "Huu ni mwezi wangu wa kwanza, sina matokeo ya kuonyesha, nitayasoma hapa yote ukiisha." Mimi ningemwamini huyo kuliko mwenye picha mia.

Nilimsomea maneno haya kijana mmoja mwenye kundi lake la asubuhi. Alicheka. "Mkubwa, nikisema kilo 2, nani atatoa dola 10?" Swali lake si la kipuuzi, naye ana nyumba ya kulipia na wadogo zake wamekuja kutoka vijijini. Lakini nilimuuliza mwezi wa pili wanabaki wangapi kati ya wanaokuja kwa tangazo la kilo 15. Alinyamaza kidogo, akasema: "Watatu, wanne." Kila mwezi anatafuta watu wapya kabisa, kwa kuwa wa zamani wanaondoka wakijiona wao ndio walioshindwa, kisha wanakwenda kusema mtaani. Mtu aliyeahidiwa kilo 2 na akapata 2 anarudi. Aliyeahidiwa 15 akapata 2 hata salamu anaacha. Na mtaa wetu ni mdogo, hata ukiwa umetawanyika.

Limebaki jambo la picha yenyewe. Mtu aliyekimbia ana sababu zake za kutotaka uso wake uonekane katika makundi ambayo hajui nani yumo, na picha ikishatoka haikusanyiki tena. Muulize kabla, si baada. Mwambie itakwenda wapi. Mkate uso ukiweza. Na akisema kesho "iondoe", iondoe siku hiyohiyo bila maswali. Mama wa tangazo lile la kilo 15, kama unanisoma na hukukubali, nipigie redioni. Jina lako sitalitaja, ila kocha wako nitamwambia ana kwa ana.